Maboksi 167 kwa Wanachama 240

Biashara ya boksi la kila mwezi haichukui muda kuieleza. Mteja anajiandikisha mara moja, analipa kwa mwezi au kwa miezi kadhaa mbele, na kila mwezi analetewa boksi lenye kahawa, vitabu vya watoto, sabuni, viungo au chochote kile ambacho mwenye biashara ameamua kukiuza kwa mtindo huo. Kazi huanzia stoo, pale mtu wa kufunga mizigo anapouliza swali ambalo mtu angedhani jibu lake liko kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: mwezi huu yanatoka maboksi mangapi?

Jibu la haraka ni idadi ya wanachama, na jibu hilo karibu kila mara si sahihi. Mwanachama ni mtu ambaye bado hajajitoa, lakini kutojitoa hakumaanishi kwamba ana boksi mwezi huu. Huenda ameomba kuruka mwezi mmoja, au amesimama kwa muda kwa sababu yuko safarini. Huenda anapokea kila baada ya miezi miwili na zamu yake haijafika, au zamu imefika na hajalipa. Upande wa pili wapo wanaochukua maboksi mawili, na wapo wanaodai boksi jingine kwa kuwa la mwezi uliopita lilipotelea njiani.

Tuchukue biashara ya kubuni iliyoko Nairobi inayouza kahawa iliyokaangwa. Kila boksi lina mifuko miwili ya gramu 250. Tunapanga mzigo wa Machi 2025. Orodha inafungwa tarehe 20 Februari usiku, kahawa inakaangwa mwanzoni mwa Machi, na mizigo inaondoka Jumanne tarehe 4. Kahawa nimeichagua kwa makusudi, maana haivumilii makosa ya hesabu. Ukikaanga kidogo, kuna wateja waliolipa watakaokosa. Ukikaanga nyingi, hutaiweka mpaka Mei uiuze kama mpya, kwa kuwa harufu na ladha yake hupungua wiki baada ya wiki tangu ilipotoka kwenye kikaango.

Usiku wa tarehe 20 daftari linaonyesha wanachama 240 ambao hawajajitoa. Mfumo unaonyesha kuwa 31 wamesimama kwa muda na kwamba yako maombi 22 ya kuruka mwezi wa Machi. Karani mwenye haraka anachukua 240, anatoa 31, anatoa 22, anapata 187. Anaandika namba hiyo kwenye karatasi ya stoo na kwenda kulala.

Tuanze na wale 31. Hao ni watu waliosimama leo, tarehe 20 Februari, wakati stoo inataka kujua watakaokuwa wamesimama Machi. Ukifungua majina yao moja moja utakuta 6 walisema tangu Desemba kwamba watarudi na mzigo wa Machi, kwa hiyo hao wana haki ya boksi ingawa bado alama ya kusimama iko mbele ya majina yao. Utakuta pia watu 4 ambao leo wanahesabika kuwa wanapokea kama kawaida, lakini wameomba kusimama kuanzia Machi hadi watakaporudi nchini. Toa wale 6, ongeza hawa 4, na waliosimama Machi ni 29.

Makosa mengi ya kazi hii yanatoka hapa. Mfumo hukuonyesha hali ya mtu ilivyo saa hii, lakini mpango wa mzigo unahusu hali yake katika mwezi fulani. Ndiyo maana napendelea kila anayesimama aandikiwe mwezi atakaopokea tena, badala ya mwezi anaomalizia mapumziko. Ukiandika kwamba mteja amesimama mpaka Machi, karani mmoja ataona Machi haimo kwenye mapumziko na mwingine ataona imo, na wote wawili watakuwa na hoja. Ukiandika kwamba boksi lake lijalo ni la Aprili, hakuna nafasi ya mjadala.

Sasa maombi 22 ya kuruka. Kati ya hayo, 5 ni ya watu ambao tayari wamo katika wale 29. Jambo hili hutokea sana. Mteja anabonyeza kuruka mwezi, siku mbili baadaye anaona safari itakuwa ndefu kuliko alivyodhani, anabonyeza kusimama. Ombi la kwanza halikufutwa na yeye hana sababu ya kulifuta. Karani wetu aliwatoa watu hao mara mbili, mara moja chini ya waliosimama na mara ya pili chini ya walioruka. Walioruka kweli ni 17.

Kisha yako makundi mawili ambayo hakuyagusa kabisa. Wanachama 26 wanapokea kila baada ya miezi miwili, na Machi si zamu yao. Wengine 13 zamu yao imefika, hawakuruka wala kusimama, ila hawajalipa. Katika mazingira yetu kundi hili la mwisho ni la kawaida kuliko vitabu vya biashara vya Ulaya na Marekani vinavyodhani. Mwenye kadi ya benki hukatwa fedha bila kufanya lolote, lakini anayelipa kwa M-Pesa kupitia ombi linalotokea kwenye simu lazima aweke namba ya siri, na huenda simu imezima, salio halitoshi, au yuko kwenye matatu na ombi linaisha muda kabla hajaliona. Mtu huyo hajakataa boksi. Hajalipa tu, na hilo linatakiwa kuandikwa kwa jina lake, lisichanganywe na kuruka.

Tukusanye basi. Waliosimama 29, wasio na zamu 26, walioruka 17, wasiolipa 13. Jumla ni 85. Ukitoa katika 240 wanabaki watu 155 wanaostahili kutumiwa Machi. Karani alisema 187. Kosa lake lilikuwa mchanganyiko wa makosa manne yaliyokwenda pande tofauti: aliwatoa watu 2 zaidi ya inavyostahili katika waliosimama, akawatoa wengine 5 mara mbili katika walioruka, akasahau 26 na 13. Mwezi mwingine makosa ya namna hii yanaweza kulingana, yakafutana, na namba ya mwisho ikatoka karibu na ukweli. Mwezi huo ni wa hatari kuliko huu, kwa sababu kila mtu ataamini njia iliyotumika.

Bado hatujapata maboksi, tumepata watu. Kati ya 155 hao, 9 wanachukua maboksi mawili, kwa hiyo maboksi ya wanachama ni 164. Kuna maboksi 3 ya badala, ya wateja ambao mzigo wa Februari uliwafikia umepasuka au haukuwafikia. Stoo itafunga 167. Kila boksi lina nusu kilo, hivyo tunahitaji kilo 83.5 za kahawa iliyokaangwa. Kahawa hupoteza uzito ikikaangwa kwa kuwa maji huondoka, na kiasi hutegemea ukali wa kukaanga. Tukikadiria asilimia 15, kahawa mbichi ya kupima ni kama kilo 98. Kwa namba ya karani tungepima kilo 110, tukabaki na kilo 10 za kahawa iliyokaangwa zisizo na mwenyewe, yaani mifuko 40.

Njia ya kuepuka hali hii ni kuacha kabisa hesabu ya kutoa na kutoa. Badala yake, kila mwanachama apewe mstari mmoja kwa kila mwezi, na mstari huo uwe na hali moja tu. Katika jedwali la kompyuta, safu ya A ni namba ya mwanachama, B ni mwezi, C ni hali, D ni idadi ya maboksi. Mwezi uandikwe kama namba nzima, 202503 kwa Machi 2025, kwa sababu ukiandika kwa namna nyingine programu ya jedwali hupenda kuugeuza kuwa tarehe bila kukuuliza, na baadaye hesabu inatoa sifuri huku macho yako yanaona Machi imejaa. Hali ni tano: AMESIMAMA, SI ZAMU, AMERUKA, HAJALIPA na TUMA.

Mtu akistahili hali mbili, anapewa ile inayotangulia katika mpangilio huo. Aliyesimama na pia aliomba kuruka anaandikwa AMESIMAMA. Asiye na zamu ambaye hajalipa anaandikwa SI ZAMU, maana hakuna anachodaiwa mwezi huu. Mpangilio wenyewe unaweza kubishaniwa, na nimeona watu makini wakiweka malipo juu kabisa. Wakishakubaliana juu ya mpangilio mmoja, wasiubadilishe katikati ya mwaka, la sivyo takwimu za Februari na za Machi hazitalinganishika.

Baada ya hapo maboksi ya mwezi yanapatikana kwa mstari mmoja:

```
=SUMIFS(D:D,B:B,202503,C:C,"TUMA")
```

Hapa itatoka 164. Tumejumlisha safu ya maboksi badala ya kuhesabu mistari, vinginevyo wale 9 wa maboksi mawili wangepunjwa. Kabla ya kuiamini, kuna ukaguzi ambao haupaswi kurukwa hata siku kazi imezidi: hesabu mistari ya kila hali, ujumlishe, uone kama inafika 240. Ikizidi, kuna mtu ameandikwa mara mbili. Ikipungua, kuna mtu hana mstari, na huyo ndiye atakayepiga simu tarehe 10 akiuliza boksi lake liko wapi. Aliyeandikwa mara mbili anatafutwa kwa fomula hii, ukiiweka mstari wa pili na kuivuta hadi chini:

```
=COUNTIFS(A:A,A2,B:B,B2)
```

Kila mahali inapotoa zaidi ya 1 pana tatizo. Kwa sababu hiyo maboksi ya badala hayaandikwi humu. Yana karatasi yake, kwani mwanachama yule yule ana mstari wake wa Machi na hatutaki ukaguzi upige kelele za bure hadi watu wazoee kuupuuza.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kuruka mwezi ni jambo moja. Kwa stoo ni jambo moja, hakuna boksi linalotoka. Kwa hesabu za fedha ni mambo mawili tofauti. Anayelipa mwezi kwa mwezi akiruka Machi, hakatwi fedha, na boksi la Machi halikuwahi kuwapo. Hakuna anayemdai mwenzake. Aliyelipia miezi sita mbele akiruka Machi, fedha zake ziko kwako tayari. Boksi lake halijafutika, limesogea mbele, na ni deni lako kwake mpaka utakapolituma.

Chukua mteja mmoja wa namna hiyo. Alilipia maboksi sita, la kwanza Oktoba 2024. Alipokea Oktoba, Novemba na Desemba, akaruka Januari kwa kuwa alikuwa ushago, akapokea tena Februari. Boksi la Februari lilifika limepasuka na kahawa imemwagika, akatumiwa jingine wiki hiyo hiyo. Sasa orodha ya Machi inapangwa na makarani wawili wanataka kujua mteja huyu amebakiza maboksi mangapi.

Karani wa kwanza anahesabu kalenda. Miezi sita kuanzia Oktoba inaishia Machi, kwa hiyo limebaki moja. Karani wa pili hapendi kalenda, anakwenda kwenye daftari la stoo na kuhesabu yaliyotoka: Oktoba, Novemba, Desemba, Februari na lile la badala, matano. Sita kutoa matano ni moja. Wamefika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti, na ni nani atakayewashuku? Hata hivyo wote wamekosea. Wa kwanza ameuhesabu mwezi ambao mteja aliruka, na wa pili amemtoza mteja boksi ambalo lilipasukia mikononi mwa msafirishaji. Mteja amepokea maboksi manne kati ya sita aliyolipia. Amebakiza mawili, la Machi na la Aprili.

Kanuni inayotokana na hapo ni kwamba kwa waliolipa mbele hatuhesabu miezi kamwe. Tunahesabu maboksi yaliyolipiwa, tunatoa yaliyotimizwa, na tarehe ya mwisho inajitafuta yenyewe kadiri mteja anavyoruka au kusimama. Boksi la badala halipunguzi salio lake. Boksi la pili aliloomba kwa ajili ya zawadi, likitoka kwenye zile sita, linapunguza. Dalili kwamba biashara haifanyi hivi ni rahisi kuiona: tafuta katika orodha ya waliomaliza mkataba wale waliowahi kuruka, kisha hesabu walichopokea. Ukimkuta mmoja amemaliza akiwa na upungufu, usidhani ni yeye peke yake.

Jumla ya masalio hayo ni namba ambayo mwenye biashara anapaswa kuijua kila mwisho wa mwezi. Fedha za maboksi ambayo hayajatoka si mapato bado, hata kama ziko benki na kodi ya stoo inadaiwa. Na katika jumla hiyo kuna sehemu inayosahaulika, nayo ni masalio ya wanachama waliosimama. Hao hawaonekani kwenye orodha ya TUMA ya mwezi wowote, kwa hiyo deni lao halimsumbui mtu wa stoo. Likiamka, huamka kwa pamoja. Waliosimama Desemba kwa sababu ya sikukuu na safari za nyumbani, na waliosimama Januari kwa sababu ya karo za shule, wengi wao huchagua kurudi miezi ile ile. Mpango wa mwezi huo unaweza kupanda bila mwanachama hata mmoja mpya kuingia.

Jambo hilo linatupeleka kwenye tarehe ya kufunga orodha, ambayo bila yake hesabu yote hii haina mguu wa kusimamia. Haki ya mteja kusema mwezi huu sitaki ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1926 Harry Scherman alianzisha huko Marekani klabu ya kuuza vitabu kwa posta, Book of the Month Club. Katika utaratibu ulioifanya ijulikane, mwanachama aliletewa kwanza taarifa ya kitabu kilichochaguliwa, na kama hakukitaka alirudisha fomu kabla ya siku iliyotajwa. Asiyejibu alitumiwa kitabu na kudaiwa. Utaratibu huo wa kimya kuhesabiwa kuwa ndiyo ulienea kwenye klabu nyingine, na malalamiko yakaenea nao, hata mwaka 1973 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara ikatunga kanuni kwamba mwanachama apewe angalau siku kumi za kuamua.

Siku kumi ni kipimo kizuri hata mahali ambapo hakuna sheria inayokudai. Kwa mzigo wetu wa Machi, ujumbe ulipaswa kutoka kufikia tarehe 10 Februari ukisema wazi kwamba boksi linakuja, kiasi kitakachokatwa, na kwamba mwisho wa kuruka ni tarehe 20. Wale 6 wanaorudi kutoka mapumziko wanauhitaji ujumbe huo kuliko wote. Mtu aliyesimama miezi mitatu amekwisha kusahau tarehe aliyojiwekea, na fedha zikikatwa ghafla atahisi ameibiwa ingawa alikubali mwenyewe.

Saa ya kufunga nayo iandikwe kwa saa za mahali. Kompyuta nyingi zinazohifadhi maombi haya hutunza muda kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa tatu. Mteja aliyeomba kuruka saa saba usiku wa kuamkia tarehe 21, yaani saa nzima baada ya orodha kufungwa, ataonekana kwenye mfumo kama aliomba tarehe 20 saa 22:00. Wewe utadhani aliwahi, mwenzako anayesoma skrini nyingine atasema alichelewa. Ni mtu mmoja au wawili kwa mwezi, lakini hao ndio wanaofanya jumla zisilingane na kuwakalisha watu hadi usiku wakitafuta tofauti ya boksi moja.

Orodha ikishafungwa, inakiliwa na nakala hiyo haiguswi. Huu ni ushauri ambao wenye mifumo ya kisasa huudharau, kwa kuwa wanaweza kuomba orodha mpya wakati wowote. Tatizo ni kwamba wanachama hawaachi kubonyeza. Kati ya tarehe 20 Februari na 4 Machi wengine watasimama, wengine watalipa, wengine watajiunga. Ukichapisha lebo za anwani tarehe 1 kutoka kwenye mfumo ulio hai na orodha ya kukaangia ilitoka tarehe 20, lebo na kahawa hazitalingana, na hakuna atakayeweza kueleza kwa nini. Waliojiunga baada ya kufunga wanasubiri Aprili, na waambiwe hivyo wakati wanalipa, si baadaye.

Mabadiliko ya baada ya kufunga hayakatazwi, ila yaandikwe kando, kila moja kwa tarehe na jina la aliyelikubali. Katika mfano wetu, kati ya wale 13 wasiolipa, tuseme 8 wanalipa kabla Februari haijaisha. Hawaingizwi kwa kalamu kwenye mkupuo wa kwanza. Wanafanya mkupuo wa pili, unaoondoka wiki moja baadaye pamoja na maboksi yaliyorudishwa na msafirishaji. Kilo 4 za kahawa kwa ajili yao hukaangwa siku yake. Wale 5 waliobaki mwezi unapita, na hali yao inabaki HAJALIPA. Isibadilishwe kuwa AMERUKA ili ripoti ipendeze, kwa maana anayeruka anakuambia bado anakutaka na asiyelipa miezi miwili mfululizo anakuambia jambo jingine.

Ugumu uliobaki ni kwamba kahawa mbichi na maboksi yaliyochapwa nembo huagizwa wiki nyingi kabla ya tarehe 20 Februari, wakati hakuna aliyeruka bado. Hapo hakuna hesabu kamili, kuna makadirio, ila si kila kitu ni cha kubahatisha. Zamu za wanaopokea kila miezi miwili zinajulikana mwaka mzima. Miezi ya kurudi ya waliosimama imeandikwa. Mikataba ya waliolipa mbele inayoisha inajulikana pia. Vinavyobaki kukadiriwa ni vitatu: watakaoruka, wasiolipa, na wapya.

Kwa watakaoruka, watu hukosea namba ya kugawia. Machi waliruka 17. Ukigawa kwa wanachama wote 240 unapata asilimia 7. Lakini waliosimama na wasio na zamu hawakuwa na cha kuruka. Walioweza kuruka ni 185, na 17 katika hao ni asilimia 9. Tofauti inaonekana ndogo mpaka ufike mwezi ambao waliosimama wengi wamerudi. Hapo wanachama ni wale wale, lakini wanaoweza kuruka wameongezeka, na asilimia iliyokokotolewa kwa wanachama wote itakupa makadirio ya chini. Linganisha pia Januari na Januari iliyopita, usiilinganishe na Novemba. Njaanuari ina tabia zake.

Kuna kundi moja ambalo mimi huliondoa kabisa kwenye makadirio: waliosimama bila kutaja mwezi wa kurudi. Wenye biashara hupenda kuwaweka, kwa sababu wanaifanya idadi ya wanachama ionekane kubwa, na siwalaumu wanapozungumza na mwekezaji. Lakini kununua kahawa kwa ajili ya mtu ambaye hajasema atarudi lini ni kununua kwa matumaini. Wahesabiwe kwenye mstari wao, na baada ya miezi mitatu waulizwe kwa ujumbe mmoja kama wanataka kuwekewa mwezi au kufungiwa akaunti. Mwenye salio la maboksi aliyolipia hafungiwi kwa sababu ya kutojibu. Deni lake libaki wazi na lihamishwe kila mwezi mpaka alichukue au arudishiwe fedha.

Jumanne tarehe 4 mizigo ikishaondoka, stoo ina stakabadhi za msafirishaji. Zihesabiwe kabla ya mtu kwenda nyumbani: zinatakiwa anwani 158 ikiwa maboksi ya badala yameenda peke yake, kwa kuwa wale 9 wa maboksi mawili wamefungiwa mzigo mmoja kila mmoja, au pungufu ya hapo ikiwa ya badala yamefungwa pamoja na ya Machi. Maboksi ndani ya mizigo hiyo lazima yafike 167. Ndipo kila TUMA inageuzwa kuwa IMETUMWA, masalio ya waliolipa mbele yanapunguzwa kwa yaliyotoka kweli, na mistari ya 202504 inafunguliwa kwa wanachama wote, wakiwamo 17 walioruka, ambao wanaanza Aprili wakiwa TUMA kama wengine isipokuwa wanaopokea kila baada ya miezi miwili. Hao, kama hawakusema vinginevyo, zamu yao ijayo ni Mei.